Kuroweka Tatizo

Mwenyekiti wa kamati aliitwa Kiti, na hilo halikuwa kosa lake. Ni jina alilopewa na babake huko Ganze kabla hajajua kama mtoto atakuja kukipenda kiti kiasi hicho. Lakini alikipenda. Aliletwa Garsen kuja kupatanisha watu wa malka, na siku ya kwanza tu alisema maneno ambayo Kanze, msuluhishi wao, hakuyasahau: "Mimi nikikaa, nimekaa. Hatutoki humu mpaka jawabu lipatikane." Watu wakapiga makofi. Watu wetu nao, mtu akisema kwa sauti nzito hupigiwa makofi hata kama anawafungia mlango.

Na mlango ulifungwa kweli. Walikuwa katika darasa la shule wakati wa likizo, wazee watu wazima wamekunjana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamegusa videvu, bati juu linatoa moto kama tanuri. Hiyo ilikuwa Jumatatu, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tisa. Mvua kubwa zilizofurika mwaka uliotangulia zilikuwa zimebaki hadithi, na bara yote nyuma ya Garsen ilikuwa kavu kiasi kwamba mbuzi walikuwa wanakula makaratasi.

Jambo lenyewe ni hili. Malka ni njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Wafugaji Waorma wanaifuata tangu enzi za babu zao. Sasa pande zote mbili za malka moja, mahali panapoitwa Kwa Mangi, wakulima Wagiriama walikuwa wamelima mahindi, wakayamwagilia kwa pampu, na mtaro wa maji ukakatiza katikati ya njia ile. Ukame ulipozidi, wakulima na wafugaji wakaanza kutazamana kwa jicho baya. Kamati ikaundwa. Jumatano iliyopita Kiti alisimama mbele ya umati na kipaza sauti mkononi, akatangaza mapatano: usiku wa Jumatatu na usiku wa Ijumaa, malka ni ya ng'ombe. Nyakati hizo pampu izimwe, mtaro ukauke, na kingo za mashamba zizibwe kwa matawi ya miiba. Nyakati nyingine zote, malka ni ya maji ya mashamba. Kwa nini usiku? Kwa sababu mchana akina mama wanachota maji pale na watoto wanapita, na ng'ombe mwenye kiu hutembea vizuri zaidi jua likishazama. Sheikh akasoma Fatiha, mhubiri akaomba dua yake, watu wakapeana mikono.

Mapatano hayakumaliza hata wiki. Ng'ombe wa Mzee Guracha, mmoja wa wafugaji, walikuja, wakakuta mtaro umejaa, tope hadi magotini, na kingo wazi bila hata tawi moja la mwiba. Wale ng'ombe wakaogopa tope, wakatawanyika ndani ya mahindi ya mkulima Nzai yaliyokuwa yanakaribia kukomaa. Nzai akatoka na panga. Alimkata ng'ombe mmoja pajani, ng'ombe jike wa maziwa, na hakuna ng'ombe hata mmoja aliyefika mtoni. Nzai naye, asubuhi ilipofika, hakuwa na shamba. Alikuwa na uwanja.

Jumamosi, habari zilipomfikia, Kiti akaifunga malka. Akasema Jumanne saa sita mchana atatoa uamuzi: ikiwa haijajulikana nani alivunja mapatano, malka haitafunguliwa mpaka mvua ije. Kila aliyekuwa mle darasani alijua maana yake. Malka nyingine ilikuwa mbali, kuzunguka mashamba yote, na Guracha alikuwa ameshajaribu kuwapeleka huko mara moja. Baadhi hawakurudi. Waliobaki walikuwa wamesimama nyuma ya Kwa Mangi wakinusa maji wasiyoruhusiwa kuyafikia. Mvua zilikuwa mbali bado. Kufunga malka kulikuwa kumwambia Guracha aende akatafute kazi ya ulinzi Malindi.

Kanze ndiye aliyekuwa msuluhishi wa kamati, na alikuwa amesomea kazi hiyo. Mgiriama kwa baba na mama, mkazi wa Garsen kwa miaka kadhaa, ananunua maziwa kwa mke wa Guracha na mahindi kwa Nzai. Pande zote mbili zilimwamini, na siku ile pande zote mbili zilikuwa zinamtazama kama mtu aliyewauzia kuku mgonjwa.

Ubaoni Kiti alikuwa ameandika kwa chaki, herufi kubwa: NANI ALIVUNJA MAPATANO? Kila mara mjadala ukienda kando aligonga pale kwa kijiti.

"Mzee Nzai, kwa mara nyingine. Walikuja lini?"

"Alhamisi usiku," Nzai akasema. Alikuwa mtu wa maneno machache na sauti yake ilikuwa imeanza kukauka. "Usiku wa Alhamisi. Nimesema tangu asubuhi. Sisi tulikuwa tunamwagilia kwa sababu haikuwa zamu yao. Miiba tulikata, imelala pale, tulikuwa tuipange kesho yake."

"Mzee Guracha?"

Guracha alisimama. Alikuwa mrefu, na dawati lilikuwa limemwachia alama ya vumbi kwenye kikoi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hakuyumba. "Wallahi mimi hapana kuja usiku wa Alhamisi. Usiku wa Alhamisi mimi iko mbali, iko huko kwa kisima. Mimi nakuja usiku wa Ijumaa. Siku ile nyinyi napatia mimi."

"Anaapa uongo," akasema mtu mmoja upande wa wakulima.

"Mimi hapana mwongo. Usiku ule mimi nakesha na ng'ombe ile ya kukatwa, asubuhi yake hata kuswali Ijumaa sikuenda, mara ya kwanza tangu—"

"Jibu swali uliloulizwa," Kiti akamkata, akagonga ubao. "Hatujauliza habari za kuswali. Nani alivunja mapatano?"

Basi hivyo ndivyo ilivyokwenda. Mashahidi kumi upande huu: Alhamisi. Mashahidi kumi upande ule: Ijumaa, na si Alhamisi, wallahi si Alhamisi. Chai ikaletwa ndani, ikanywewa ndani. Aliyetaka kwenda haja aliomba ruhusa kama mtoto. Mchana ukageuka alasiri, na badala ya watu kukaribiana walikuwa sasa wanatukaniana wazazi. Kanze aliwauliza maswali yote aliyofundishwa. Aliwauliza walikuwa wamevaa nini, mwezi ulikuwa wapi, nani aliwasha pampu. Wote walijibu vilevile, na kila jibu lilirudi kwenye chaki ile: nani, nani, nani. Ilikuwa dhahiri kwamba upande mmoja unadanganya, na yeye aliwatazama watu wale usoni, mmoja mmoja, na hakumwona mwongo hata mmoja. Hapo ndipo alipokwama. Akili ikawa inazunguka mahali pamoja kama punda wa kinu cha simsim.

Kanze alikuwa anaijua hali hiyo, na anajua dawa yake. Tangu chuoni, kila aliposhindwa na jambo baada ya kulifanyia kazi kweli, hakulikamia. Aliliacha. Alitoka akatembea, akapika, akalala, na mara nyingi jambo lilijipanga lenyewe alipokuwa hana habari nalo. Si uvivu. Mtu asiyelichambua tatizo kwanza anaweza kulala mwezi mzima akaamka na njaa tu. Lakini ukishalijaza kichwani, mpaka halina pa kuingia zaidi, ni kama kunde kavu: ziroweke, uondoke, uende zako. Ukizichemsha bila kuziroweka utamaliza kuni za kijiji na bado zitakuvunja meno.

Akakunja daftari lake, akachukua mkoba.

"Bi Kanze, unakwenda wapi?" Kiti akauliza.

"Kutembea, Bwana Mwenyekiti. Kisha nitalala. Ninaomba na nyinyi mkapumzike, tukutane kesho asubuhi."

Wengine wakacheka.

"Kulala," Kiti akasema polepole, ili kila mtu apate nafasi ya kulisikia neno hilo. "Watu wana msiba wa mashamba na mifugo, msuluhishi wetu anakwenda kulala."

"Tumekaa tangu asubuhi na tunasema jambo moja. Tumeng'ang'ania swali moja tu, na huenda swali lenyewe ndilo bovu. Mimi sioni tena kitu humu ndani. Nikibaki nitakuwa nahesabu mabati."

"Akili ya mtu mzima hufanya kazi akiwa amekaa. Ukitoka kwenye mlango huo kesho utakuwa msikilizaji. Hutakuwa na sauti."

Mori ulimpanda Kanze hadi masikioni. Alitaka kumwambia kwamba hata mjusi anajua kutoka kwenye jua. Alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyeyaendesha mazungumzo haya kwa miezi miwili kabla mtu hajamleta Kiti na kijiti chake. Badala yake alitazama yale madawati, wale wazee waliokunjwa, akaona kwamba hasira ikikaa humu itakuwa sauti nyingine ya kelele. Akafungua mlango, akatoka.

Alitembea juu ya tuta la mto, bila kujua anakwenda wapi, na mwendo wa kwanza wote ulikuwa wa kugombana. Alimjibu Kiti majibu mazuri sana, yale ambayo mtu huyapata akiwa ameshaondoka. Alimjibu tena. Alimtukana hata babake wa Ganze. Kisha pumzi zikatulia, miguu ikapata mwendo wake, na kichwa kikaanza kulegea. Kulikuwa na mama anasugua sufuria kwa mchanga. Kulikuwa na alama za kiboko kwenye tope, kubwa kama karai, zimeelekea moja kwa moja kwenye migomba ya mtu. Upepo wa jioni ulikuwa unaingia kwenye mikindu na kutoa mlio wa karatasi. Hakufikiri kitu. Kila ile Alhamisi ilipotaka kurudi, aliiacha ipite, hakuifukuza wala hakuikaribisha.

Miguu ikampeleka mwisho wa mji, kwenye nyumba za makuti za ukoo wa Guracha. Sabdio, mke wa Guracha, alikuwa nje anafukiza vibuyu vyake vya maziwa kwa moshi. Vibuyu vilikuwa vitupu, lakini alivifukiza.

"Karibu, mama. Wewe hapana iko mkutano?"

"Nimetoka, bibi. Nimechoka."

"Mimi sijui nyinyi nakaa kufanya nini," Sabdio akasema bila kuinua macho. "Mzee yangu nakaa kwa nyumba ya shule, ng'ombe nakaa kwa jua. Yote nakaa."

Kanze aliketi kwenye gogo. Ndani mtoto mchanga alilia, na mama yake, Abdia, mke wa mtoto wa Guracha, akasikika akimtuliza. Kanze akakumbuka: Jumapili, alipokuwa anarudi kutoka kanisani ibada ya jioni, aliwaona wanawake wanakimbilia nyumba hii na khanga zimefungwa viunoni. Akamtolea Sabdio pongezi.

"Mvulana," Sabdio akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafunguka. "Tunamwita Galgalo. Nakuja na jioni, jua iko zama, ndiyo Galgalo. Nazaliwa usiku wa Jumatatu."

Kanze alitabasamu. Leo ndiyo Jumatatu, akajisemea, na usiku wake haujaingia bado. Bibi wa watu, Kiswahili chake kimepinda. Akaona ni adabu mbaya kumsahihisha mama mtu mzima mbele ya vibuyu vyake. Akaingia, akamtazama mtoto, akamsifia kwa kumwita mbaya kama inavyotakiwa ili asipatwe na kijicho, akaaga.

Nyumbani alipika ugali, akala na samaki wa jana, akaoga, akalala jua likiwa limezama tu. Alilala usingizi mzito wa mtu aliyekasirika kutwa nzima. Ikiwa aliota, hakukumbuka ndoto.

Adhana ya alfajiri ilimwamsha. Alibaki kitandani, macho yamefumbwa, akili bado haijavaa viatu. Alikuwa anafikiri mambo ya chumvi, kwamba imekwisha, apitie dukani. Na hapo, bila kuitwa, sauti ya Guracha ikaja. Si ile ya kuapa. Ile iliyokatwa. Asubuhi yake hata kuswali Ijumaa sikuenda. Asubuhi yake. Nyuma ya sauti hiyo ikaja ya Sabdio, imetulia na yenye fahari: nazaliwa usiku wa Jumatatu. Na wale wanawake wakakimbia tena na khanga zao, siku ya Jumapili.

Kanze aliketi wima.

Guracha alikesha na ng'ombe aliyekatwa, na asubuhi yake ilikuwa Ijumaa. Basi usiku ule ulikuwa ule ule wa Nzai. Hakukuwa na usiku wa pili. Kulikuwa na usiku mmoja wenye majina mawili. Kwa Guracha na Sabdio, siku huanza jua likizama; usiku hutangulia, mchana hufuata, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa. Kwa Nzai, na kwa Kiti, na kwa Kanze mwenyewe aliyelelewa na kengele ya shule, usiku ni mkia wa mchana. Na Guracha alipoambiwa "usiku wa Alhamisi" alisikia usiku mwingine kabisa, wa nyuma zaidi, alipokuwa kisimani kweli, ndiyo maana aliapa. Kila mtu alisema kweli. Mashahidi ishirini walisema kweli kutwa nzima, wakatukanwa kwa ajili yake.

Furaha haikuja kwanza. Ilikuja hasira, tena mpya kabisa. Neno lenyewe lilitoka kwenye kipaza sauti cha kamati, na yeye Kanze alikuwa amesimama kando akitikisa kichwa kukubali. Na jana mzee alipolitamka jawabu, alikatwa kwa kijiti kwa sababu halikulingana na swali la ubaoni.

Hata hivyo hakuliamini moja kwa moja. Mambo yanayong'aa alfajiri, mengine huzimika jua likitoka, na mara kadhaa alikuwa ameamka na jawabu zuri ambalo halikufaa hata kuwashia moto. Akajitanda khanga, akaenda dukani kwa Sadik, mtu wa Kipini, Mswahili wa kuzaliwa, aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua milango.

"Sadik, nipe chumvi. Na nikuulize. Usiku wa Ijumaa ni lini?"

"Ni lini vipi? Alhamisi jua likitua, usiku wa Ijumaa umeingia. Ndiyo twenda kusoma msikitini." Akamtazama. "Kwani wewe hukulijua hilo, miaka yote hii?"

"Hapana," Kanze akasema. "Wala mwenyekiti wetu."

Sadik akatikisa kichwa taratibu, akampa chumvi yake. "Na hakuna aliyekuja kutuuliza," akasema.

Darasani waliendelea walipoachia. Baadhi walikuwa wamelala mle mle juu ya mikeka, kwa amri ya Kiti, na macho yao yalikuwa mekundu. Wakulima upande mmoja, wafugaji upande mwingine, na katikati nafasi ambayo jana haikuwapo. Kiti mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, shati lile lile.

"Bi Kanze ameamka," akasema. "Karibu. Kumbuka, msikilizaji."

"Nina swali moja, Bwana Mwenyekiti."

"Msikilizaji hana swali. Tunaelekea kwenye uamuzi."

"Basi sikuulizi wewe," Kanze akasema. Akamgeukia Guracha. "Mzee, samahani. Jana jua lilipozama, tukiwa wengine humu na wengine nyumbani, usiku ulioingia ulikuwa usiku wa siku gani?"

Guracha alimtazama kama anayeulizwa jina la mamake. "Jumanne."

"Jumatatu," Nzai akasema papo hapo kutoka upande wa pili. "Jana ilikuwa Jumatatu. Usiku wa jana ni wa Jumatatu."

"Jumatatu nakwisha na jua," Guracha akamjibu. "Usiku wa jana wa Jumanne."

Hakuna aliyemwambia mwenzake mwongo. Walikaa wakitazamana, wazee wale wawili, na ungeweza kuona jambo likipanda polepole kwenye nyuso zao, kwanza kwa Nzai. Mdomo wake ulifunguka, ukafungika. Akageuka kwa majirani zake, akasema kitu kwa Kigiriama, chini chini. Kisha akauliza kwa Kiswahili, kwa unyenyekevu ambao Kanze hakuwahi kuusikia kwake:

"Mzee mwenzangu. Ile siku ulikuja na ng'ombe. Kulipokucha, ilikuwa siku gani?"

"Ijumaa. Jana mimi nasema."

"Ulisema," Nzai akakubali. "Ulisema, nasi tukakuzomea."

Akakaa chini kwa uzito, dawati likalia. Halafu akasema bila kumtazama mtu, kama anayejieleza mwenyewe, kwamba alidhani wamemjia kwa hila, kwamba kama angalijua ni zamu yao angaliipanga ile miiba kwa mikono yake. Guracha akamsikiliza. Akasema na yeye alipokuta maji njiani alidhani ni mtego. Basi. Hawakukumbatiana, shamba lilikuwa bado uwanja, na ng'ombe alikuwa bado na jeraha. Lakini hakukuwa tena na adui mle ndani.

Na sasa sikilizeni mwenyekiti alivyofanya. Alisafisha koo. Akainuka, akafuta ubao, akaandika kwa herufi kubwa: MAANA YA NENO USIKU. Akasema jambo hili ni zito, kwamba haliwezi kuamuliwa kwa haraka, kwamba kuna haja ya kamati ndogo, wataalamu wa lugha, mashehe na wahubiri, na kikao kirefu cha kuoanisha kalenda. Mpaka hapo, kwa usalama wa wote, malka itaendelea kufungwa.

Kanze akasogea mpaka ubaoni. "Bwana Kiti, ng'ombe wanakufa."

"Ndiyo maana lazima tukae tuamue vizuri."

"Mmekaa. Jawabu lilisemwa humu jana, mkalifukuza kwa kijiti. Mnataka kukaa mpaka lini?"

Alikuwa anaendelea kusema aliposikia madawati yakisogezwa. Nzai alikuwa amesimama. Alivuta panga lake kutoka pembeni ya mlango alipoamriwa kuliacha, na waliokuwa karibu wakarudi nyuma.

"Nakwenda kukata miiba," akasema. "Mzee Guracha, lete ng'ombe wako. Sasa hivi. Ng'ombe hajui Jumanne."

Wakatoka wote, upande huu na upande ule, wakabanana mlangoni. Kiti aliwaita kwa majina. Hakuna aliyegeuka.

Kwa Mangi pampu ilizimwa. Wakulima walitupa magunia ya mchanga kwenye mtaro, wakapanga matawi ya miiba kandokando mikono ikichubuka, akina mama wakaondoa ndoo zao na kuwaita watoto. Halafu ng'ombe wakaja, mbavu nje, vumbi juu yao, wakiongozwa na harufu ya maji, na hakuna hata mmoja aliyetazama mahindi. Waliingia mtoni mpaka matumboni, wakainamisha vichwa. Kilichosikika ni kunywa tu.

Yule wa jeraha ndiye aliyekuja mwisho, anasukumwa na Guracha mwenyewe. Katikati ya malka magoti yakamkataa. Alikaa, kisha akalala ubavu, shingo imenyooka kuelekea mtoni. Nzai alikimbia na ndoo. Alimwagia maji mdomoni, akayatia kwa kiganja chake kati ya meno, akamwambia kwa Kigiriama anywe, anywe, na Guracha akamshika kichwa. Ulimi ulitoka, ukagusa maji mara moja. Haukugusa tena. Wazee wale wawili wakabaki wamechuchumaa, kila mmoja upande wake wa kichwa kile.

Gari la Kiti lilifika likiwa na vumbi lote la barabara. Alishuka, akatazama mto umejaa ng'ombe, na uso wake ukang'aa kidogo kidogo, kama wa mtu aliyekuta chakula kimeiva bila yeye kuwasha jiko. Akamjia Kanze kando, kwa sauti ya urafiki.

"Bi Kanze, tumefaulu. Ripoti inatakiwa wilayani Hola kesho. Utaandika kwamba suluhu ilipatikana baada ya majadiliano marefu na ya kina. Kikao cha siku mbili mfululizo. Hilo litawapendeza."

Kanze alimshika mkono wa shati, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume wa watu, akamvuta mpaka pale wazee walipochuchumaa, akamsimamisha mbele ya ng'ombe jike aliyelala hatua chache kutoka majini na ndoo iliyojaa kando yake.

"Andika mwenyewe," akasema. "Na huyu mwandike. Jana, mlipofunga mlango, alikuwa bado anatembea."